Mkopo wa benki kwa kikundi: salio lako ni lipi, na deni la mwenzako linakuhusu kiasi gani? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwenye vikao vya vikundi vya kuweka na kukopa vya Ilemela, Nyamagana, Sengerema na Ukerewe mkoani Mwanza, ambako nakagua vitabu. Mengi yanahusu aina moja ya mkopo: benki inakipa kikundi fedha kwa akaunti moja, kikundi kinazigawa kwa wanachama kwa viwango tofauti, na kila mwezi marejesho yanakusanywa na kupelekwa benki kwa mkupuo mmoja. Mfano wa hesabu ni wa kutunga, lakini umejengwa kama vitabu ninavyovikuta mezani.

Benki inanionyesha salio moja la kikundi. La kwangu nitalijuaje?

Benki haitakwambia, kwa sababu mara nyingi hailijui. Kwenye mfumo wake mkopaji ni kikundi, na mgao wenu wa ndani haumo. Salio lako linaishi kwenye kitabu cha kikundi, kwa hiyo kukagua maana yake ni kulinganisha vitu viwili: jumla ya masalio ya wanachama kitabuni, na salio la mkopo benki siku hiyohiyo. Zikilingana, na kila salio limejengwa kwa marejesho ya mwenyewe, kila mtu anaweza kuamini namba yake. Zisipolingana, tofauti ina mwenyewe, na kazi ni kumpata.

Sisitiza hilo la siku hiyohiyo. Nimeona vikao vikigombana nusu siku kwa sababu kitabu kimefungwa tarehe 30 na taarifa ya benki ilichukuliwa tarehe 5, rejesho likiwa limeingia katikati.

Nianze na karatasi zipi?

Nne zinatosha. Mkataba wa mkopo pamoja na ratiba yake ya marejesho. Taarifa ya akaunti ya mkopo kutoka benki, ambayo ni tofauti na taarifa ya akaunti ya akiba ya kikundi. Muhtasari wa kikao kilichogawa mkopo, wenye jina, kiasi na saini ya kila mmoja. Na kitabu cha marejesho cha kikundi pamoja na risiti za kuweka fedha.

Inayokosekana mara nyingi ni ya tatu. Muhtasari uliopelekwa benki husema tu kwamba kikundi kimeazimia kukopa shilingi kadhaa, nani achukue ngapi hausemi. Kama wenu ndivyo ulivyo, andikeni mwingine leo mkiwa bado mnaelewana, na kila mmoja asaini mbele ya kiasi chake.

Risiti za wakala zipigeni picha siku ileile. Karatasi ile huharibika kwa joto, na ikikaa miezi miwili kwenye mkoba ulio karibu na jiko la kukaangia samaki haisomeki tena.

Tuonyesheni kwa namba.

Tuchukue kikundi cha watu 10 upande wa Igombe. Kimekopa shilingi 12,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 18 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, yaani asilimia 1.5 kwa mwezi. Kila mwezi deni la msingi linapungua kwa 1,000,000, na riba ya mwezi huo inalipwa juu yake. Mkataba unasema aliyechelewa anatozwa faini ya asilimia 2 kwa mwezi ya kiasi kilichochelewa. Wote 10 wamesaini, lakini waliochukua fedha ni 6:

| Mwanachama | Mgao | Deni la msingi kwa mwezi |
|---|---|---|
| Mwenyekiti, mchuuzi wa dagaa | 3,600,000 | 300,000 |
| Mweka hazina, mwenye duka | 2,400,000 | 200,000 |
| Mwenye bodaboda | 1,800,000 | 150,000 |
| Mwenye mtumbwi | 1,800,000 | 150,000 |
| Fundi cherehani | 1,200,000 | 100,000 |
| Mama lishe | 1,200,000 | 100,000 |

Miezi mitatu ya kwanza ilikwenda vizuri. Benki ilipokea 1,180,000, kisha 1,165,000, kisha 1,150,000, na salio likafika 9,000,000.

Mwezi wa nne bodaboda iliharibika injini. Rejesho la kikundi lilikuwa 1,135,000: msingi 1,000,000 na riba 135,000. Sehemu ya kijana wa bodaboda ni asilimia 15, yaani msingi 150,000 na riba 20,250, jumla 170,250. Hakuleta. Wengine walileta zao, benki ikapokea 964,750. Ikakata riba yake yote kwanza, 135,000, na zilizobaki, 829,750, ndizo zilizopunguza deni. Salio likawa 8,170,250 badala ya 8,000,000.

Mwezi wa tano hakuleta tena. Wengine watano walileta 952,000 kwa mujibu wa ratiba. Benki ikakata faini 3,405, ambayo ni asilimia 2 ya zile 170,250. Ikakata riba 122,554, ambayo ni asilimia 1.5 ya 8,170,250. Zilizobaki, 826,041, zikaenda kwenye deni la msingi. Salio la benki: 7,344,209.

Sasa tufungue kitabu. Wanachama watano waliolipa kila mwezi wamebakiza sehemu 7 kati ya 12 za mgao wao: mwenyekiti 2,100,000, mweka hazina 1,400,000, mwenye mtumbwi 1,050,000, fundi 700,000 na mama lishe 700,000. Jumla 5,950,000. Mwenye bodaboda alilipa miezi mitatu tu, amebakiza 1,350,000 za msingi. Kitabu kinasoma 7,300,000. Benki inasoma 7,344,209.

Hizo 44,209 zimetoka wapi?

Hapa ndipo ukaguzi wenyewe ulipo. Riba ya mwezi wa nne ambayo mwenye bodaboda hakuleta ni 20,250. Ya mwezi wa tano ni 18,000. Benki haikuzikosa, ilizichukua kutoka kwenye fedha za wenzake ambazo zilikusudiwa kupunguza deni la msingi. Faini ni 3,405. Halafu, kwa kuwa deni halikupungua kama ilivyopangwa, riba ya mwezi wa tano ilikuwa 122,554 badala ya 120,000, ziada ya 2,554. Jumlisha: 20,250 na 18,000 na 3,405 na 2,554 ni 44,209 kamili.

Zote zina mwenyewe mmoja. Salio la mwenye bodaboda ni 1,394,209, na la kila mmoja wa wale watano ni lilelile la kitabuni. Kati ya hizo 1,394,209, zilizokwisha kuchelewa ni 344,209. Zilizobaki, 1,050,000, ni za miezi saba ambayo bado haijafika.

Tofauti ikigoma kufika kwenye shilingi ya mwisho kwa njia hii, usiipachike kwenye jina la aliyechelewa ili tu kitabu kifunge. Kuna kosa lingine humo. Litafuteni.

Kwa nini tusichukue salio la benki tukaligawa kwa asilimia ya mgao? Ni rahisi zaidi.

Ni rahisi, na ndiyo njia ninayoikuta kwenye vitabu vingi. Itazame kwa huu mfano. Mama lishe ana asilimia 10 ya mkopo, na asilimia 10 ya 7,344,209 ni 734,421. Lakini yeye hajakosa hata siku moja, salio lake ni 700,000. Amebebeshwa 34,421 bila kuambiwa. Mwenyekiti kabebeshwa 103,263. Upande wa pili, mwenye bodaboda anasomewa 1,101,631 badala ya 1,394,209, kasamehewa 292,578 na wenzake ambao hawajui kwamba wamesamehe.

Mgawanyo wa asilimia unafaa kwa hali moja tu: kila mtu akiwa amelipa kila rejesho kwa wakati. Mmoja akichelewa, asilimia zinageuka kuwa njia ya kuficha jina lake. Kugawa kwa vichwa ni kubaya zaidi: kila mmoja wa wale sita angesomewa shilingi 1,224,035, na mama lishe angeambiwa anadaiwa zaidi ya alichochukua.

Tumepiga asilimia 1.5 lakini riba ya benki haiko sawa na yetu, mwezi mmoja iko juu, mwingine iko chini. Tunaibiwa?

Pengine hapana. Benki nyingi hukokotoa riba kwa siku. Shilingi 12,000,000 kwa asilimia 18 ni riba ya 5,918 hivi kwa siku. Mwezi wenye siku 31 unatoa 183,452, wenye siku 30 unatoa 177,534, na ninyi mlitarajia 180,000. Mkifungua jedwali la hesabu kwenye simu, mkaweka salio kwenye kisanduku B2 na idadi ya siku kwenye C2, simu itawapigia hesabu:

```
=ROUND(B2*18%*C2/365,0)
```

Mkipata namba ya benki au karibu yake kwa shilingi chache, hakuna tatizo. Kila mwezi ikizidi kwa kiasi kikubwa, basi ama kiwango cha riba si kile mlichoambiwa, ama kuna tozo imeingizwa humohumo. Hapo ombeni mchanganuo kwa maandishi.

Angalieni pia kama riba inapungua. Iwapo kila mwezi inasoma 180,000 vilevile, mkopo wenu ni wa riba isiyopungua, ile maofisa mikopo wanaiita flati. Kwa mkopo huu tofauti ni kubwa: kwa salio linalopungua mtalipa riba 1,170,000 kwa mwaka mzima, kwa flati ni 2,160,000. Zote zinaitwa asilimia 18. Mkataba ndio unaosema ni ipi, na ukishasainiwa ni vigumu kurudi nyuma.

Mimi nilimpa mweka hazina fedha, lakini benki inasema kikundi kimechelewa. Nani anadaiwa?

Kwa benki, kikundi. Ndani ya kikundi inategemea kijitabu chako. Kama kuna saini ya mweka hazina kwenye tarehe uliyolipa, wewe umelipa na yeye ndiye anayedaiwa, pamoja na faini na riba ya ziada iliyofuata.

Namna ya kuligundua ni kuandika safu tatu kwa kila mwezi: kilichokusanywa kikaoni, kilichowekwa kwa mujibu wa risiti, na kilichoingia kwenye akaunti ya mkopo. Tofauti kati ya safu ya kwanza na ya pili iko mikononi mwa mtu. Tofauti kati ya pili na tatu mara nyingi haina mwizi: fedha imewekwa kwenye akaunti ya akiba ya kikundi na bado haijahamishiwa mkopo, au makato ya akaunti yameila kidogo na benki ikakuta haitoshi rejesho zima. Upungufu wa shilingi elfu mbili tu unaweza kuingiza mkopo kwenye orodha ya waliochelewa. Wekeni ziada kidogo, na iandikwe.

Nimemaliza mgao wangu wote kabla ya muda. Nimetoka kwenye mkopo?

Umetoka kwenye kitabu cha kikundi. Kwenye mkataba wa benki bado umo, mpaka mkopo wote uishe au benki yenyewe ikubali kwa maandishi kukuondoa. Mwenyekiti kukugongea muhuri kwamba umemaliza hakuifungi benki.

Kuna la pili ambalo wengi hawalioni. Tuseme mama lishe analeta 700,000 zake zote baada ya rejesho la mwezi wa tano. Zikiwekwa tu kwenye akaunti bila maelekezo, benki inaweza kuziacha pale na kuzikata polepole kwa ratiba ya kawaida. Salio halishuki, riba inaendelea kana kwamba hajalipa. Zinapaswa kupelekwa na barua ya kikundi inayosema ni malipo ya kabla ya muda yapunguze deni la msingi, na baada ya hapo ombeni ratiba mpya. Katika mkopo wetu wa mfano angalieni kwanza kitu kimoja: kuna 344,209 zilizochelewa. Benki itakapopokea fedha hizo, jambo la kwanza itafunika hayo malimbikizo. Mama lishe atakuwa amelipa deni la bodaboda na kitabu cha benki kitasomeka vizuri, huku yeye akidhani amemaliza lake. Kama ndivyo mnavyotaka, sawa, lakini iandikwe kwamba mwenye bodaboda sasa anadaiwa na mama lishe.

Mkataba unasema tunawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Benki inaweza kunifuata mimi tu?

Ndiyo, na kwa deni zima. Maneno hayo yanaipa benki haki ya kudai shilingi 7,344,209 kwa wote, kwa watatu, au kwa mmoja mwenye duka linaloonekana. Si lazima ianze na aliyechelewa, na haizuiwi na mgao wenu wa ndani. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inaruhusu anayedai kumbana yeyote kati ya walioahidi kwa pamoja atekeleze ahadi yote, isipokuwa mkataba useme vingine.

Kwa vitendo, afisa mikopo huanza na viongozi kwa sababu ndio anaowajua na simu zao anazo. Halafu huenda kwa mwenye mali.

Someni kifungu hicho kwenye nakala yenu kabla ya kubishana. Ipo mikataba inayoweka kikomo kwa kila mtu, kwa mfano mgao wake na nyongeza fulani. Hiyo ni tofauti kabisa, na inafaa kuombwa wakati wa kujadili mkopo.

Sikuchukua hata shilingi moja. Nilisaini kwa sababu benki ilitaka saini za wanachama wote. Nami nimo?

Tazama umesaini kama nani. Kama jina lako liko kwenye orodha ya wakopaji, kwa benki wewe ni mkopaji kama mwenyekiti aliyechukua milioni tatu na nusu na ushee. Kama umesaini kama mdhamini, bado unadaiwa, ila mkataba unaweza kuwa umeweka masharti ya kufuatwa kwako. Na kama umesaini tu kwenye mahudhurio ya kikao kilichoazimia mkopo, hiyo peke yake si ahadi ya kulipa.

Wale wanne wa mfano wetu walisaini kama wakopaji. Benki ikiwalipisha, wana haki ya kudai warudishiwe na waliochukua fedha, na karatasi watakayoitumia ni ule muhtasari wa mgao unaoonyesha kwamba wao hawakuchukua kitu. Bila huo watakuwa na kazi kubwa ya kuthibitisha.

Mwenye bodaboda asipolipa kabisa, tunagawanaje zile 1,394,209?

Kama hamkuandika chochote, sheria ileile inaanzia kwenye usawa: walioahidi kwa pamoja wanachangia sawa kwa sawa, na mmoja akishindwa kuchangia, waliobaki wanabeba pengo lake kwa sehemu sawa. Kwa watu 9 waliobaki ni kama 154,912 kila mmoja. Yaani mwanachama ambaye hakuchukua hata mia analipa sawa na aliyechukua 3,600,000. Vikundi vingi vikiisikia hii vinaguna, na vina haki ya kuguna, lakini hivyo ndivyo ilivyo msipokubaliana vinginevyo.

Makubaliano ya ndani yanaweza kusema pengo libebwe na waliochukua fedha tu, kwa uwiano wa mgao. Watano waliobaki walichukua jumla ya 10,200,000. Mwenyekiti angebeba 492,074, mweka hazina 328,049, mwenye mtumbwi 246,037, fundi na mama lishe 164,025 kila mmoja. (Ukijumlisha unapata shilingi moja ya ziada kwa sababu ya kukadiria, msigombanie hiyo.)

Mimi napendelea hii ya pili, kwa kuwa aliyekopa kikubwa ndiye aliyefaidika zaidi na saini za wengine. Lakini mwenyekiti wa mfano huu hawezi kuipenda, na ndiyo maana inapaswa kupigiwa kura kabla fedha hazijaingia. Ikiletwa baada ya mtu kushindwa, kila mmoja anapiga kura akiwa ameshapiga hesabu ya mfuko wake.

Vyovyote mtakavyogawana, kumbukeni ni mkopo mpya wa ndani kwa mwenye bodaboda. Fungueni ukurasa wake, andikeni nani kamlipia kiasi gani na lini. Pikipiki ikitengenezwa na akirudi barabarani, kila aliyemlipia anajua anachomdai.

Benki imezuia akiba ya kikundi kama dhamana. Ikikata humo, imekata ya nani?

Kwa benki ni akiba ya kikundi, haina majina. Kwa hiyo ikikata 344,209 ili kufuta malimbikizo, imegusa hisa za wote 10, wakiwemo wale wanne. Siku hiyohiyo katibu anatakiwa kuingiza mambo mawili: akiba ya kikundi imepungua kwa 344,209, na mwenye bodaboda anadaiwa na kikundi kiasi hichohicho. Deni lake kwa upande wa mkopo wa benki linashuka hadi 1,050,000, na ukurasa wake mpya unaanza na 344,209.

Hitilafu ninayoikuta ni kuandika upande mmoja tu. Mkopo unashuka, watu wanapumua, halafu mwisho wa mzunguko wakati wa kugawana hisa fedha hazitoshi na hakuna anayekumbuka kwa nini.

Mwenzetu akifariki au akihama?

Aliyehama, hata akiwa Geita au ng'ambo ya maji Ukerewe, anabaki na saini yake. Aliyefariki, wajibu wake unahamia kwenye mirathi yake, na ninyi mliobaki bado mnadaiwa mkopo mzima. Kabla ya kwenda kwa familia, ulizeni benki kama mkopo ulikuwa na bima. Mara nyingi ilikatwa siku ya kwanza mkopo ulipotoka. Swali la kuuliza ni kama bima inamhusu kila mwanachama kwa mgao wake au viongozi waliosaini tu, na kama orodha ya migao iliwahi kupelekwa.

Kila mara tunachelewa wiki ileile, ingawa biashara ni nzuri. Tatizo ni nini?

Kwa vikundi vya dagaa, angalieni mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi inapumzika. Mkishaanika na kuuza dagaa wa giza, wiki ya mbalamwezi mikono ni mitupu. Rejesho la benki lina tarehe ya kalenda, na mwezi mpevu husogea nyuma kama siku moja tu kwa kila mwezi wa kalenda. Kwa hiyo tarehe ikigongana na mbalamwezi mwezi huu, itagongana tena mwezi ujao na unaofuata, na kila mara kuna faini.

Dawa ni kukusanya kila wiki wakati wa giza na kuweka benki mapema, wala msisubiri kikao cha tarehe ya mwisho. Au ombeni benki ihamishe tarehe kabla ya mkopo kutoka. Katika kukagua, hili linasaidia pia kutenganisha watu: mchuuzi anayechelewa siku nne kila mbalamwezi na kulipa giza likirudi si sawa na aliyenyamaza miezi miwili.

Tumekagua, na kosa ni la benki. Tuende wapi?

Andikeni barua kwa meneja wa tawi, mkiambatisha taarifa yao, risiti zenu na hesabu yenu ya mwezi kwa mwezi. Tajeni kosa moja moja kwa tarehe na kiasi: "rejesho la tarehe fulani, 964,750, halionekani". Barua ya kusema "salio letu si sahihi" haina kitu cha kujibu. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakati mnasubiri, endeleeni kulipa kwa ratiba, kwa sababu faini haisimami kungoja majibu.

Msiporidhika na jibu, Benki Kuu ya Tanzania inapokea malalamiko ya wateja wa mabenki, na ina tawi hapa Mwanza. Wataanza kwa kuuliza kama mlishalalamika kwenye benki yenu, ndiyo maana ile nakala yenye muhuri ni muhimu. Watashughulikia kilichotokea kati ya kikundi na benki. Mgogoro wa mwenye bodaboda na mama lishe haumo humo. Huo ni wa kikao chenu, wa afisa maendeleo ya jamii wa kata kama anawasaidia, na ukishindikana, wa mahakama.